Waraka wa Kuisifu Kanzu Iliyopungua

Kwa Bwana Muuza Kanzu wa Mtandaoni,

Nakuarifu kwamba kanzu niliyoiagiza kwako imewasili salama. Na kwa kuwa si adabu kumtoa mgeni nyumbani pasi na kumtaja kwa fadhila zake, sina budi niisifu kwanza, kisha nikuombe uipokee.

Fadhila yake kubwa ni uchamungu. Kutoka begani, karibu na shingo, hadi fundo la mguu, mimi nina sentimita 149, nami niliagiza nambari 58, ambayo, kama ujuavyo kunishinda, ni urefu wa kanzu kwa inchi, yaani kadiri ya sentimita 147. Bali hii, nilipoilaza juu ya meza, nikainyoosha pasi na kuivuta, nikaipima kutoka mshono wa bega penye kola hadi upindo wa chini, ilikoma kwenye 137. Hivyo muundi wangu hukaa nje kwa sentimita 12, na hata shekhe aliye mkali kupita wote hatathubutu kunishitaki kwa kuburura nguo.

Tena yanifunza zuhudi. Upana wake, kwapa hadi kwapa, ni sentimita 54, maana yake 108 kwa mzunguko, na kifua changu ni 104. Katika nafasi hiyo ya sentimita 4 pumzi huvutwa kwa iktisadi, na walimani nilipopakuliwa pilau mara ya pili nilisema nimeshiba, jambo ambalo jamaa zangu hawajapata kulisikia. Mikono nayo ni mifupi kwa kadiri yake, sitaichosha kalamu.

Lakini ajabu ya maajabu ni lebo, iliyoandikwa 58 waziwazi wala haioni haya. Nilishuku upindo umekunjwa mara mbili, nikaukagua: ni mmoja, wala hapana alama ya mkunjo wa kale. Wala maji hayakuirudisha, kwani haijafuliwa. Na kwa kuwa sentimita 137 ndizo inchi 54 barabara, dhana yangu ni kwamba fundi aliishonea lebo ya nduguye.

Kwa hiyo naomba badala yake, wala usinichagulie kwa lebo, maana huenda furushi zima lina ila hiyo hiyo. Ilaze, uipime: urefu 147, upana wa kifua 62 ikiwa imelala, kisha unitumie picha yenye utepe juu yake kabla ya kuifunga. Ikiwa urefu upo na upana haupo, niarifu, kwani nambari ya urefu haisemi neno juu ya kifua.

Hii ya kwanza nimeikunja ndani ya mfuko wake, lebo ingali shingoni, na ujira wa mchukuzi, kwenda na kurudi, nauona ni wako. Hima, tafadhali: mpwa wangu wa miaka kumi na mitano keshaijaribu, na imemkaa.