Ada kwa Mkono wa Mpwa

Bwana mmoja akaaye Maskati, msomi wa shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja cha Dodoma, ambaye hadi hapo hakupata kulipa ada ila kwa kupanga foleni benki, alifungua jukwaa la hawala la mtandaoni akiwa na namba yake ya malipo ya serikali, zile tarakimu 12 zianzazo na 99, akitaraji kwamba zitapokewa kwa taadhima. Kumbe jukwaa lile halijui ila akaunti ya benki au mkoba wa simu.

Alipoulizwa sababu ya kutuma akachagua "ada", akadaiwa barua ya chuo. Akachagua "matumizi ya familia", na mlango ukafunguka papo hapo, kwani elimu, naona, hushukiwa kuliko ubwabwa. Akampelekea mpwa wake wa Dodoma shilingi 750,000, sawasawa na ankara.

"Shikamoo mjomba," akaandika kijana, "zimefika, ila kuna makato ya kulipia, na ankara hii haikubali pungufu."

Mjomba, aliyekwisha kupima riali kwa shilingi hadi senti ya mwisho, akaleta nyongeza kwa kununa. Lakini ilipowasili, namba ya malipo ilikuwa imepitwa na muda.

Basi ewe uliye ng'ambo, itazame kwanza tarehe ya ukomo wa namba yako, tuma pamoja na makato, kisha mdai mpwa stakabadhi, maana mhasibu wa chuo hamjui mpwa wako.