Namna ya Kununua Friji kwa Shilingi 4,599 na Kukasirika Ipasavyo

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeona mtandaoni friji la milango miwili, ambalo kila duka la Nairobi linaliuza kwa shilingi 45,990 au karibu na hapo, likiwa limeandikwa 4,599. Akalipa kwa simu saa saba usiku, akalala akitabasamu. Asubuhi akaamshwa na ujumbe: oda yako imefutwa kutokana na hitilafu ya bei, samahani kwa usumbufu. Kama hayo hayajakupata, soma tu. Novemba na ofa zake haiko mbali.

Hatua ya kwanza ni kutojiuliza chochote. Tarakimu ni zilezile, nne, tano, tisa, tisa, ila sifuri ya mwisho imekwenda matembezi. Mtu wa kawaida angesema mfanyakazi kateleza kidole. Wewe sema moyoni kwamba mwenye duka kaguswa na hali ngumu ya maisha, kaamua kugawa mafriji kwa bei ya kilo chache za nyama. Usifungue maduka mengine kulinganisha bei. Ukilinganisha utajua, na ukijua umeharibu kesi yako kwa mkono wako mwenyewe. Tutaona kwa nini.

Hatua ya pili ni kununua mengi, kisha kuwaita wenzako. Walimu wetu hapa ni vijana sita wa Singapore, marafiki, baadhi yao wanasheria. Mnamo Januari 2003, kampuni iitwayo Digilandmall ilikuwa ikimfundisha mfanyakazi kuweka bei kwenye mfumo wake. Katika mazoezi akaandika 66, na bei hiyo ya majaribio ikapenya hadi kwenye tovuti halisi, kwenye printa ya leza ya rangi ya HP iliyokuwa ikiuzwa kwa dola 3,854 za Singapore. Usiku wa manane mmoja akaiona, akamwambia mwenzake, naye akamwambia mwingine. Wakatafuta mtandaoni bei ya kawaida ya printa hiyo, wakaipata, wakaandikiana kuhusu faida ya kuziuza tena. Mmoja wao akatuma barua pepe kwa marafiki wengine zaidi ya hamsini akiwahimiza wawahi. Hadi kulipopambazuka, hao sita peke yao walikuwa wameagiza printa 1,606. Kwa bei ya tovuti, mzigo huo ulikuwa wa dola zipatazo 106,000. Kwa bei ya kweli, ulizidi milioni sita.

Kampuni ilipogundua, ikakataa kupeleka hata moja. Vijana wakaenda mahakamani wakiwa na silaha moja nzito: kila mmoja alikuwa amepokea barua pepe ya kuthibitisha ununuzi, iliyotumwa papo hapo na kompyuta. Hapo ndipo kesi yao inakuwa tamu kuliko vichekesho vingi. Mahakama haikuidharau barua hiyo. Ilikubali kwamba ujumbe unaotumwa na mashine unaweza kumfunga muuzaji kama vile ameutia sahihi mwenyewe. Kisha ikageuka na kuuliza swali jingine: wakati mnabofya, mlijua kwamba bei hii ni kosa? Majibu yalikuwa kwenye mazungumzo yao wenyewe ya usiku ule, pamoja na ule utafutaji wa bei. Walijua. Na anayejua kwamba mwenzake amekosea, akaharakisha kuidaka ofa kabla mwenzake hajazinduka, hana mkataba wa kudai. Walishindwa mwaka 2004, wakakata rufaa, wakashindwa tena mwaka 2005.

Ukitaka kufuata nyayo zao kikamilifu, basi, andika kwenye kundi la familia: "Jamani, hawa wamekosea bei, nunueni kabla hawajashtuka!" Halafu ihifadhi meseji hiyo vizuri. Wakili wa muuzaji ataihitaji.

Mahakama za Kenya hazifungwi na hukumu ya Singapore, lakini Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inakaribisha wazi kanuni za mikataba za Kiingereza, na kisima walichochota majaji wa Singapore ni hichohicho. Tanzania ina sheria yake ya mikataba yenye asili ya ile ya India ya 1872, inayosema kwamba kukosea kwa upande mmoja peke yake hakutoshi kuvunja mkataba. Usikimbilie kusherehekea. Msisitizo uko kwenye maneno "peke yake".

Hatua ya tatu, ambayo waliokasirika wengi huiruka, ni kuusoma ujumbe uliotumiwa. Bei iliyoandikwa dukani, iwe kwenye rafu au kwenye skrini, kwa kanuni hizo za Kiingereza ni mwaliko tu. Wewe ndiye unayetoa ombi la kununua, na muuzaji ndiye anayekubali au kukataa. Kwa hiyo ujumbe usemao "tumepokea oda yako" ni salamu tu. Unasema barua imefika. Usemao "oda yako imekubaliwa" au "mzigo wako umetumwa" ni jambo zito zaidi. Wauzaji wajanja wameshajifunza, na masharti yao huandika kwamba mkataba unaanza mzigo unapotoka ghalani. Masharti hayo uliyakubali kwa kuweka alama kwenye kisanduku bila kusoma, kama tulivyofanya sote. Kwamba pesa yako imekatwa haimalizi ubishi: muuzaji atasema aliipokea huku akiamua, na mara nyingi masharti yatamuunga mkono.

Si kila mnunuzi hushindwa, lakini. Mwanzoni mwa 2002 tawi la Kodak nchini Uingereza liliweka mtandaoni kamera ya dijitali pamoja na vifaa vyake kwa pauni 100 badala ya 329. Watu wakanunua, wakatumiwa uthibitisho, kisha wakaambiwa ni kosa. Wakakasirika ipasavyo, wakatishia kwenda mahakamani, na kampuni mwishowe ikasalimu amri, ikapeleka kamera kwa pauni 100. Tofauti na Singapore iko wapi? Kwanza, maneno ya uthibitisho yalikuwa yameiweka kampuni pabaya. Pili, na kwangu hili ndilo zito, kamera kwa chini ya theluthi ya bei, katika msimu wa punguzo la Januari, mtu mwenye akili timamu anaweza kuiamini. Printa ya 3,854 kwa 66 haiaminiki hata ukiwa na usingizi.

Kwa hiyo lirudie friji lako, safari hii bila kejeli. Tuseme halikuandikwa 4,599 bali 38,999, na juu ya ukurasa kuna bango jekundu la punguzo la msimu. Duka lililokuhubiria wiki nzima kwamba bei zimeanguka haliwezi kwa urahisi kusema ulipaswa kujua kwamba hii moja ilianguka kwa bahati mbaya. Hapa una hoja. Na hapa ndipo pa kuchunguza kama hilo "kosa" ni la kweli. Ingia tena kwenye ukurasa siku hiyo na siku tatu baadaye. Bei ya 38,999 ikiwa bado ipo, inavua wateja wengine, hapakuwa na kosa. Huenda bidhaa iliisha, au bei ilikuwa chambo. Ikiwa imesahihishwa ndani ya saa chache na kila mnunuzi amerudishiwa pesa, pengine ni kidole cha mtu kweli. Kila mara piga picha ya skrini yenye bei, tarehe na saa, maana ukurasa wa mtandaoni hauna haya: kesho utakana kila kitu.

Hatua ya nne ni hesabu ya hasara, sehemu ambayo mnunuzi huota ndoto kubwa kuliko zote. Hudai friji, fidia ya machungu, nauli, na radhi kwenye gazeti. Kipimo cha kawaida cha sheria ni cha kibahili mno: tofauti kati ya bei mliyokubaliana na bei ya sokoni siku ile. Kama mkataba upo, na friji hilohilo sasa unalipata kwa 45,990, hasara yako ni shilingi 6,991. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, kwa sheria ya 2016, inayopokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inayotakiwa kutoa hukumu ndani ya siku 60. Kwa 6,991 unaweza kwenda. Ujiulize tu asubuhi ngapi za kazi utazipoteza kwenye benchi la korido.

Na yule wa 4,599? Huyo atarajie pesa yake. Najua inavunja moyo, lakini hiyo si zawadi, ni deni, na hapo ndipo hasira yake inapofaa kuelekezwa. Muuzaji aliyefuta oda hana sababu ya kubaki na hata senti: arudishe bei ya bidhaa, ada ya kukuletea mzigo, na chochote alichokutoza juu yake, tena kwa njia ileile uliyolipia. Uongo anaoupenda ni vocha. Utaambiwa pesa yako "imewekwa kwenye akaunti yako ya duka", yaani imefungiwa humo mpaka ununue tena kwa mtu aliyeshindwa kukuuzia. Huna wajibu wa kuipokea. Uongo wa pili ni "siku kadhaa za kazi" zisizo na idadi. Omba tarehe.

Andika hivi, kwa maandishi, si kwa simu: "Mmefuta oda namba fulani niliyolipia shilingi kadhaa tarehe fulani. Sijakubali vocha. Nirudishieni kiasi chote pamoja na ada ya usafirishaji kwenye namba niliyolipia, kabla ya tarehe fulani. Naomba pia mnieleze bei sahihi ilikuwa ngapi na ilisahihishwa saa ngapi." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye meno. Aliyekosea kweli atajibu kwa dakika mbili. Anayedanganya ataanza kukuita "mteja wetu mpendwa". Tarehe ikipita kimya, kama ulilipa kwa kadi, peleka barua hiyo benki na uombe wapinge muamala huo. Usikae miezi, maana dirisha la kupinga hufungwa. Kama ulilipa kwa simu, peleka malalamiko pamoja na namba ya muamala, na nakala uitume kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo kazi zake ni pamoja na wauzaji wanaopotosha watu kuhusu bei.

Pesa ikishaingia, na hapo tu, rudi kwa upole uwaombe kuponi ya usumbufu. Mara nyingi hutoa, kwa sababu wanaona aibu na kwa sababu wanataka urudi. Ukipewa ya shilingi 500, ichukue. Soma kwanza kama inatumika kwenye mafriji.