Namna ya Kuua Laini Bila Kuzika Ushahidi

Kwanza, kasirika. Hakuna mtu aliyewahi kufunga akaunti ya pesa za simu akiwa ametulia. Waliotulia wana laini tatu, mbili kati yake hawakumbuki pini, na usingizi wanalala vizuri tu. Mimi nilichoshwa na laini yangu ya pili, niliyoisajili 2016 kwa ajili ya biashara ya kuku ambayo haikuuona 2018. Kuku walikwisha. Laini ikabaki, nikaitumia kulipia kiwanja kwa mafungu, halafu ikawa kazi yake ni kupokea matangazo ya kamari na simu za watu waliokosea namba. Siku moja mwaka 2024 nikasema imetosha.

Hasira ikishapanda, futa apu. Bonyeza picha yake, ishikilie, itupe. Ni raha kubwa, na haifungi kitu chochote. Akaunti imekaa kwa kampuni, imeandikishwa kwa kitambulisho chako, na kama una deni la Fuliza linaendelea kunona. Aliyefuta apu akadhani amefunga akaunti ni sawa na mpangaji aliyetupa ufunguo mtoni akadhani kodi imesimama.

Ukitaka kuumia sawasawa, fuata hatua hii ya tatu ambayo wengi huipenda: nenda moja kwa moja dukani ukafunge, ukisema stakabadhi utazishughulikia baadaye. Baadaye ndiyo utagundua kwamba kila kitu unachohitaji hupitia laini ile uliyoiua. Chukua stetimenti ya M-Pesa. Unapiga `*334#`, unaingia `My Account`, kisha `M-PESA Statement`, unachagua kipindi na kuandika anwani ya barua pepe. Faili ya PDF inafika, safi kabisa, imefungwa kwa neno la siri. Na neno hilo la siri linatumwa wapi? Kwa ujumbe, kwenye laini yenyewe. Najua mtu aliyejiombea stetimenti asubuhi, akafunga laini mchana, akakaa jioni kufungua faili. Anayo hadi leo. Ni faili nzuri, ina jina lake.

Kwa hiyo kama hutaki kumfuata, ifungue faili siku hiyohiyo ujumbe ukiwa bado upo, hakikisha tarehe za mwanzo na mwisho ndizo ulizoomba, kisha liandike neno la siri mahali pengine pasipokuwa kwenye simu hiyo. Ihifadhi faili asilia kama ilivyokuja. Unaweza kutoa nakala isiyo na kufuli ya kusomea, lakini ile ya asili usiiguse, wala usiigeuze jedwali la kompyuta ukaanza kupaka safu rangi ya manjano. Picha ya skrini nayo ni ya kumwonyesha shemeji. Mbele ya hakimu, ushahidi wa kielektroniki nchini Kenya huja na cheti chake chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na picha iliyokatwa kichwa, isiyoonyesha imetoka kifaa gani, huanza safari yake ikichechemea.

Menyu ya simu haikurudishi nyuma miaka yote. Ukitaka ya zamani unaiomba kwa mtoa huduma, na ni rahisi zaidi kuiomba ukiwa bado mteja, kitambulisho mkononi na laini ikilia mfukoni. Sheria ya kupambana na utakatishaji wa fedha inazitaka taasisi za fedha ziweke kumbukumbu za miamala kwa angalau miaka 7, kwa hiyo watakukumbuka hata ukiwaacha. Lakini kukukumbuka ni jambo moja, kukuhudumia bila laini ni jambo jingine.

Sasa nieleze kwa nini nilijisumbua hivi kwa ajili ya laini ya kuku. Ni kile kiwanja. Mzee aliyeniuzia alikuwa mwaminifu, tena mwenye daftari. Kila nilipomtumia fungu alinakili namba ya muamala, bila tarehe, maana yeye alikuwa anajua ni lini. Akafariki. Mwanawe akarithi daftari, akanijia na swali la heshima: mafungu mawili ya shilingi 30,000 yaliyoandikwa humu, moja si limerudiwa? Kwa hesabu yake nilikuwa nadaiwa.

Nikamwomba tuzisome namba zenyewe. Moja ilianza na `QF`, nyingine na `RFS`. Watumiaji wengi wa M-Pesa Kenya hawajawahi kuzitazama zaidi ya kuzisoma kwa sauti dukani, lakini herufi tatu za mwanzo ni tarehe. Ya kwanza ni mwaka: N ilikuwa 2019, O 2020, P 2021, Q 2022, R 2023, S 2024. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari hadi L ikiwa Desemba. Ya tatu ni siku: 1 hadi 9 huandikwa kwa tarakimu, kisha A ni tarehe 10, B ni 11, na kuendelea hadi V ambayo ni 31. `RFS` basi ni Juni 28, 2023. Ile ya `QF` ni Juni pia, lakini ya mwaka mmoja kabla. Kijana alihesabu kwa vidole, akarudia, akacheka. Hata hivyo herufi hizo peke yake zisingenitosha, kwa kuwa zinasema lini, hazisemi kiasi gani wala kwa nani. Stetimenti ndiyo iliyomaliza maneno: safu ya `Receipt No.` yenye namba zilezile za daftarini, safu ya `Withdrawn` yenye 30,000, na jina la marehemu babake kwenye `Details`.

Na hapo kuna mtego uliomchanganya kijana tena. Ada ya kutuma huandikwa mstari wake peke yake, chini ya namba ileile ya muamala. Kwa hiyo `RFS` yangu ilitokea mara mbili, mstari mmoja wa 30,000 na mwingine wa 105. Asiyejua atadhani umelipa mara mbili, au, kama ana nia mbaya, atakwambia mfumo ulikosea. Tena namba ya simu ya mpokeaji huwekwa nyota katikati. Jina lipo, namba haipo kamili. Baada ya miaka minne hutakumbuka yule mwenye majina mawili ya kawaida kabisa alikuwa muuzaji wa kiwanja au fundi wa bomba. Nilikaa jioni mbili na karatasi kando ya faili nikiandika: huyu ni mawe, huyu ni wakili, huyu sijui ila alipewa 6,500. Kisha likaja swali la muda wa kuzitunza kumbukumbu: za kodi ya mapato, Sheria ya Taratibu za Kodi inadai miaka 5. Madai ya mkataba yana miaka 6, na ya kurudishiwa ardhi 12. Za kuku nilizihesabu kwa kipimo cha kodi. Za kiwanja nimeziweka pamoja na hati yenyewe.

Ukishamaliza karatasi, chungulia vyumba vya uani. Akaunti ya M-Pesa ni nyumba yenye wapangaji. Kuna M-Shwari, ambayo ni akaunti ya benki ya NCBA iliyopanga humo, kuna KCB M-Pesa, kuna Fuliza. Mtu anaweza kusafisha sebule hadi sifuri huku shilingi zake zimejifungia kwenye akiba ya M-Shwari zikisubiri tarehe ya kuiva. Kila chumba kina stetimenti yake na kila deni hulipwa kwanza. Fuliza usiichezee: ukijitumia hela ya kugharimia uhamisho wa mwisho, yeye hunawa mikono wa kwanza, anakula, wewe unabaki na nia njema.

Kusafisha sebule kuna hesabu yake. Nilikuwa na 1,237. Kutuma 1,200 kwa laini yangu nyingine ni ada ya 23, zikabaki 14, na kutuma chochote kisichozidi 100 ni bure, basi 14 zikafuata zenzake na salio likasoma sifuri. Bahili halisi ataniambia ningetuma 100 mara kumi na mbili na 37 mara moja, nisitozwe hata senti. Ni kweli. Ningeokoa 23 na kujaza stetimenti ya mwisho mistari kumi na mitatu ya kumweleza afisa wa kodi. Omba stetimenti moja ya mwisho baada ya sifuri hiyo, na siyo kabla, ndipo uende dukani.

Dukani alinipokea binti mwenye subira. "Karibu mzee wangu, kwani tumekukosea wapi?" Hapa usihutubie. Taja kwamba unataka kufunga akaunti ya pesa pamoja na laini, maana ni vitu viwili, toa kitambulisho, na usiondoke bila kitu cha maandishi chenye tarehe: ujumbe, barua pepe, namba ya ombi, hata muhuri kwenye nakala ya barua yako. Nilitoka pale nikijiona nimemaliza, na kwa upande wa M-Pesa nilikuwa nimemaliza.

Nilichosahau ni benki. Sitaitaja, yenyewe inajijua. Kabla ya kuiacha laini ni lazima uitoe kila mahali ilipoandikwa: benki, KRA, eCitizen, barua pepe, WhatsApp. Nilifanya zote, na benki nilijaza fomu, nikatia sahihi, nikaambiwa nenda salama. Sikurudi kuhakikisha kwa muamala mdogo kwamba ujumbe unaingia kwenye namba mpya, nikadhani ukimya ule ni utulivu. Kumbe namba iliyoachwa haifi. Hukaa miezi, kisha huuzwa upya kwa mtu mwingine.

Mtu huyo nilimjua mwishoni mwa mwezi mmoja wa mwaka uliofuata. Ni kijana wa Kitale, mwenye adabu, aliyeipata namba yangu mpya kwa kuwauliza watu waliokuwa wakimpigia wakinitafuta.

"Shikamoo mkubwa," akasema. "Samahani kwa usumbufu. Nilitaka tu kukwambia mshahara umeingia, ila mwezi huu wamekukata."