Pantoni Imestaafu, Kisingizio Kiko Kazini

Kwa miaka mingi mwalimu anayelala Sengerema na kufundisha Misungwi alikuwa na wakili asiyeshindwa kesi: pantoni ya Kigongo–Busisi. Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya maji, na wakili akakosa kazi. Mteja wake bado anaingia kipindi cha kwanza wanafunzi wakifunga madaftari.

Mkuu wa shule naye anamwandikia barua: “Una tabia sugu ya uzembe.” Pole, Mkuu. Hicho ni kijembe, na vijembe niachie mimi. Tabia hubishaniwa, dakika hazibishaniwi. Andika hivi: Jumatatu, Hisabati, Kidato cha Pili, kipindi cha dakika 40, uliingia zikiwa zimebaki 15, kama jonali la darasa linavyoonyesha. Muulize kinachomchelewesha. Msogezee kipindi baada ya chai kwa wiki nne, kisha taja siku ya kukutana tena. Akichelewa hata hapo, jalada likifika Tume ya Utumishi wa Walimu litajieleza lenyewe.

Ila barua uipeleke mapema, Mkuu. Nawe darajani tunakuona saa tatu.