Bwana Hamisi Ni Babu: Namna ya Kumsahihisha Afisa Ajira Bila Kuikosa Kazi

Simu inaita. Namba ngeni. Unapokea kwa sauti yako ya usaili, ile nyororo ambayo hata mama yako mzazi haijui.

"Habari za asubuhi, shemeji. Naomba umpe simu Bwana Hamisi, kuna habari njema ya kazi."

Wewe ni Zawadi Juma Hamisi, mwanamke mwenye shahada ya uhandisi wa mitambo. Juma ni baba. Hamisi ni babu. Kwa pumzi moja afisa ajira amekuvua jina, amekubadilisha jinsia, na amekuoza kwa babu yako mwenyewe. Na kazi bado unaitaka.

Mwongozo huu ni wako. Tutalichukua jina hili la mfano na kulifikisha salama hadi kwenye mkataba.

Kwanza, jua kosa limezaliwa wapi

Afisa ajira hakukaa chini akapanga kukudhalilisha. Mbele yake kuna majina mia kadhaa na fomu iliyobuniwa mbali, kwa watu wenye jina la ukoo. Fomu inaamini kwamba jina la mwisho ndilo la kumwitia mtu kwa heshima. Kwetu jina la mwisho mara nyingi ni la babu, kwa hiyo heshima yote inapita juu ya kichwa chako na kumfikia mzee.

Jinsia nayo inakisiwa. Zawadi, Bahati, Riziki, Furaha, Tumaini na Amani ni majina ya wake kwa waume. Afisa akiona Zawadi ameomba kazi ya mitambo, mkono wake unaandika "Bw." kabla akili haijafika. Riziki wa kiume akiomba kazi ya ukatibu muhtasi, anaandikiwa "Bi." kwa mtindo huohuo.

Ukilijua hili, hasira inapungua na sauti inatulia. Sauti iliyotulia ndiyo unayoihitaji.

Pili, sahihisha mara ya kwanza

Watu wengi hunyamaza wakisema watasahihisha wakishaajiriwa. Kunyamaza huko kuna gharama. Ukiitika "Bwana Hamisi" leo, kesho jina hilo linaingia kwenye orodha ya wasailiwa, keshokutwa linachapwa kwenye kadi ya mlangoni, na siku ya usaili unasimama getini na kitambulisho cha taifa cha mwanamke huku mlinzi akimtafuta mwanamume.

Kwenye simu, jibu ni fupi: "Mwenyewe ndiye anaongea. Mimi ni Zawadi, Bi Zawadi. Karibu, nakusikiliza." Kisha nyamaza umwache aendelee. Ataomba radhi. Sema "usijali" mara moja tu, halafu uliza usaili ni lini. Usimweleze historia ya ukoo, usimwambie ni mtu wa ngapi kukosea, wala usimlipizie kwa kumwita "dada" ikiwa ni mwanamume. Riziki wa kiume naye hahitaji kuthibitisha uanaume wake kwa kukoroma. "Ni Bwana Riziki, nakusikiliza" inatosha kabisa.

Tatu, kwenye barua, liweke sahihisho katikati

Tuseme mwaliko umekuja kwa barua pepe, umeandikwa "Ndugu Bw. Hamisi". Jibu lako liwe hivi:

"Ndugu Afisa Ajira,

Nashukuru kwa mwaliko wa usaili wa Jumanne, saa 4:00 asubuhi. Nitahudhuria.

Naomba kwenye orodha yenu niandikwe Bi Zawadi Juma Hamisi, kama inavyosomeka kwenye kitambulisho nitakachokuja nacho.

Naomba pia kufahamu kama nije na vyeti halisi au nakala zilizothibitishwa.

Wako,
Zawadi Juma Hamisi (Bi)"

Tazama kila sehemu inavyofanya kazi. Shukrani na ahadi ya kufika vinatangulia, kwa hiyo msomaji anajua mapema kwamba hakuna ugomvi. Sahihisho linakuja kama ombi la kazi ya ofisini: mahali pa kurekebisha ni orodha, na sababu ni kitambulisho. Hakuna popote ulipomwambia "umekosea", kosa ataliona mwenyewe. Swali la mwisho linampa kitu cha kujibu, ili barua yake ya pili isiwe ndefu ya kuomba msamaha. Na mabano yale yenye "Bi" baada ya jina yatamkumbusha kila atakapoifungua barua. Yatie pia juu ya wasifu wako kama ungependa kuitwa hivyo. Utawaepusha wengine na kukisia.

Usilianze jibu kwa sahihisho, maana litasomeka kama lawama. Usilizike mwisho baada ya "Wako", maana wengi hawafiki huko.

Nne, akirudia, shuku mfumo kabla ya mtu

Umeandika vizuri, naye amejibu: "Asante sana Bi Zawadi, tumepokea." Siku mbili baadaye unapata ujumbe mwingine: "Ndugu Bw. Hamisi, unakumbushwa kufika..." Hapa ndipo watu wema huchafua jina lao kwa barua za ukali.

Utatambua chanzo kwa dalili moja. Kama anapokuandikia kwa mkono wake anakuita Bi Zawadi, lakini jumbe za jumla zinakuita Bwana Hamisi, basi mtu ameshajifunza na mfumo haujajifunza. Mahali fulani kuna safu ya jinsi iliyojazwa ME badala ya KE, na kila ujumbe unaotoka humo unachota kosa lilelile. Barua ya tatu haitaisaidia safu hiyo. Piga simu uulize swali lenye jibu moja: "Samahani, kwenye kumbukumbu zenu nimeandikwa ME au KE?" Atafungua, ataliona, atalirekebisha mkiwa bado mnaongea.

Kama anarudia kwa mkono wake mwenyewe baada ya kuambiwa mara mbili, hilo ni jambo jingine. Sema waziwazi, kwa adabu: "Jina langu ni Zawadi na ningependa kuitwa hivyo." Ofisi isiyojali hilo kabla ya kukuajiri imeshakuonyesha itakavyojali mengine.

Na yule anayekuita "mrembo" hajakosea jina. Anakujaribu. Kwake jibu ni "Naitwa Zawadi", bila kicheko, na mazungumzo yarudi kwenye maandishi ambako ushahidi unabaki.

Tano, cheo kisahihishe pande zote mbili

Cheo ndicho cha mwisho kwenye foleni. Jopo likikuita Bi Zawadi badala ya Mhandisi Zawadi, acha lipite. Nafasi ya kutaja usajili wako itakuja unapoulizwa ujieleze. Lakini kama nafasi inataka mhandisi aliyesajiliwa na barua yao inakutaja kama "fundi", rekebisha kwa kutaja ngazi na namba yako ya usajili katika Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Hapo cheo kimekuwa sifa ya kazi, na kukinyamazia ni kujipunguzia alama.

Upande wa pili ndio unaosahaulika. Afisa anaweza kukupandisha: una shahada tu, hujasajiliwa, naye anakuandika "Mhandisi Zawadi". Au bado unaandika tasnifu na tayari wewe ni "Dokta". Inapendeza masikioni, na ndiyo maana ni hatari. Sheria hairuhusu asiyesajiliwa kujitangaza kuwa mhandisi, na ukimya wako kwenye maandishi unaweza kusomeka kama kujitangaza. Sahihisha kosa hili siku hiyohiyo: "Naomba niandikwe Bi Zawadi, usajili wangu wa uhandisi bado haujakamilika." Mgombea anayejishusha mahali panapostahili hukumbukwa kwa uzuri.

Sita, usitie saini kabla ya kusoma jina lako

Umepata kazi. Hongera. Sasa barua ya ajira iko mezani, na furaha inakuvuta kwenye mstari wa saini. Rudi juu kwanza. Soma majina matatu herufi kwa herufi, ukiyalinganisha na kitambulisho cha taifa, vyeti vya shule na akaunti ya benki. Kisha tafuta ME au KE.

Hapa mambo si ya heshima tena. Jina la mkataba ndilo litakalokwenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, bima ya afya na mshahara. Likitofautiana na kitambulisho, utakuwa mgeni wa madirisha ya ofisi. Kuhusu jinsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Baba anapata angalau siku 3. Haki yako haipotei kwa sababu ya herufi mbili kwenye kompyuta, lakini hakuna anayetaka kuthibitisha kwamba ni mwanamke akiwa na mimba ya miezi minane.

Kama kosa liko kwao, irudishe barua ikachapwe upya. Usikubali kukwanguliwa kwa kalamu. Kama kosa liko kwenye nyaraka zako, mfano cheti cha kidato cha nne kinasema Zawadi Juma na kitambulisho kinasema Zawadi Hamisi, afisa ajira hana cha kukusaidia. Nenda kwa wakili ukatengenezewe hati ya kisheria ya majina, na uende mapema kabla ya usaili. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili wa utumishi wa umma huwataka wenye majina yanayotofautiana waje na hati hiyo.

Na kama ofisi imekataa kabisa kurekebisha taarifa zako, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kudai taarifa zisizo sahihi zirekebishwe, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Lakini sheria hii ni ya mwisho kabisa. Ukiitaja kwenye simu ya kwanza ya "shemeji", utakuwa umeleta nyundo kuua mbu.

Neno kwa upande wa pili wa meza

Ndugu afisa ajira, kama umesoma hadi hapa, kazi yako ni nyepesi kuliko ya Zawadi. Ukiwa huna hakika, andika "Ndugu Zawadi Juma Hamisi". Ndugu haina mume wala mke. Kwenye simu anza na "Naongea na Zawadi?" na usimtafutie mume. Kisha uliza: "Nikuandike vipi?" Swali hilo halichukui hata nusu dakika. Liulize kila mara.