Namna ya Kununua Maji Yaliyotiwa Maziwa: Mwongozo kwa Wazazi wa Gungu

Aliyeanza ni ng'ombe mwenyewe. Katika maziwa anayoyatoa, kama asilimia 87 ni maji, na hakuna aliyewahi kumshtaki. Kwa hiyo mzazi wa Gungu asishangae akikuta kila yanakopita yanaongezwa kidogo. Kijana wa dumu anaongeza. Mama jikoni, akikoroga unga wa kopo tarehe 28 ya mwezi, anaongeza kuliko wote. Ukitaka kuchagua kati ya maziwa mabichi, ya boksi na ya unga, uliza kwanza maji yameingilia wapi na ni maji gani.

Kabla ya hapo mtazame mnywaji. Mtoto wa chini ya miezi sita ananyonya basi, na baada ya hapo anaendelea kunyonya huku akila, hadi miaka miwili na zaidi. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo mno, na hayawezi kushika nafasi ya maziwa ya mama kwa kichanga, yawe ya dumu, ya boksi au ya kopo lenye picha ya mtoto anayecheka. Asiyeweza kunyonyeshwa apelekwe kliniki, asipelekwe dukani. Hapo sitanii. Yanayofuata ni ya aliyetimiza mwaka.

Hatua ya kwanza: msubiri kijana wa baiskeli na umwamini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona ya leo mepesi?"

"Ng'ombe walinyeshewa usiku, mama."

Jirani msomi atakuazima laktomita, kile kichupa cha kioo kinachoelea. Maziwa yasiyochezewa husoma kati ya 28 na 32. Yakitiwa maji, kipimo hushuka. Umemkamata? Bado. Mafuta ni mepesi kuliko maziwa yenyewe, kwa hiyo muuzaji akiengua krimu, maziwa yaliyobaki husoma juu zaidi. Akiongeza maji kiasi, kipimo hurudi palepale penye heshima. Kijana huyo hakusoma fizikia sekondari, lakini anaifanyia kazi kila alfajiri. Utamtambua jikoni: yakichemka na kupoa, yaliyoenguliwa na kuzimuliwa huacha utando mwembamba, na siku hadi siku utaona tofauti. Huo utando, kwa njia, usiutupe. Ndiyo mafuta uliyoyalipia, mpe mtoto.

Maji si kosa la rangi tu. Yaliyotiwa kwenye dumu hayakuchemshwa, na lenyewe dumu la mafuta ya kupikia lina shingo ambayo hakuna mkono uliowahi kufika ndani kuisugua. Ng'ombe naye anaweza kukuletea brusela au kifua kikuu bila kuonekana mgonjwa. Dawa ya vyote hivi ni moto: acha maziwa yapande, yakoroge, yachemke dakika chache, kisha ingiza sufuria kwenye beseni la maji baridi yapoe haraka. Wapo wanaosema maziwa yakichemshwa yanakufa nguvu. Protini na kalisi zinabaki. Zinazopungua ni baadhi ya vitamini, na hasara hiyo ni ndogo kuliko homa ya miezi.

Ila moto nao una mipaka. Kabla ya kumlipa kijana, chemsha kijiko kimoja. Yakikatika, yameshaanza kuchacha, na usidhani ukiyachemsha kwa hasira yatatubu: vijidudu vingine huacha sumu ambayo kuchemsha hakuivunji.

Hatua ya pili: nunua boksi, uwe mtu wa mjini. Watu watakuambia limetiwa dawa, la sivyo lingekaaje miezi bila friji? Limetiwa joto. Maziwa hupitishwa kwenye nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache, yakafungwa kwenye boksi lisilo na kijidudu, basi. Lishe yake haipishani sana na ya sufuria yako. Hapa maji hayana pa kuingilia, ndiyo maana ni maziwa salama kuliko yote matatu, hadi dakika unapokata kona ya boksi. Kuanzia hapo ni maziwa kama mengine, na joto la mwambao wa Tanganyika halisomi tarehe iliyopigwa juu yake. Mzazi wa kejeli hununua boksi la lita, akalifunika kwa kisahani na kulitegemea hadi kesho kutwa. Asiye na friji anunue maboksi madogo, moja limalizwe kikao kimoja. Lililovimba liachie duka.

Hatua ya tatu: kopo la unga, liwekwe juu ya kabati wageni walione. Hapa anayetia maji ni wewe. Lita moja inahitaji unga kama gramu 130, kwa hiyo kopo la gramu 400 linatoa lita tatu tu. Kwa kikombe cha mililita 200, ni vijiko vikubwa vitatu hivi. Jikoni kwetu mwezi ukikaribia kuisha kijiko kinakuwa kimoja, rangi inabaki nyeupe, na mtoto anashiba maji. Tumbo limejaa, uzito haupandi, na kadi ya kliniki ndiyo inayotoa siri.

Na maji hayo yatoke wapi? Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kaskazini mwa ziwa hili hili, kipindupindu kiliwakuta wakitegemea maji ya ziwa. Unga wenyewe nao si tasa. Basi chemsha maji, koroga yakiwa bado moto, mpe mtoto kwa kikombe badala ya chupa yenye chuchu isiyooshika, na kilichobaki usikitunze. Soma pia viungo: ukikuta mafuta ya mimea, umenunua kitu cha kufanya chai iwe nyeupe. Na ule unga unaopimwa kwenye vipakiti vya nailoni hauna cha kusoma kabisa.

Sasa hesabu, na bei hizi ni za mfano. Weka za duka lako. Watoto wawili, wa miaka mitatu na mitano, kila mmoja vikombe viwili vya mililita 250: lita moja kwa siku. Kuzidisha hakuna faida, maana maziwa mengi humnyima mtoto hamu ya chakula chenye chuma. Tuseme dumu ni shilingi 2,000 kwa lita, boksi la nusu lita 1,800, kopo la gramu 400 ni 12,000. Boksi ni 3,600 kwa lita, kopo ni 4,000. Ya dumu yanaonekana bure, lakini yakiwa na maji asilimia 20, maziwa uliyopata ni mililita 800, na lita halisi imekugharimu 2,500, ongeza mkaa. Bado ni rahisi kuliko mengine, mradi uwe na muuzaji mmoja unayemjua nyumbani kwake na kijiko cha kupimia. Boksi liwe la safari ya treni ya Tabora na siku kijana asipotokea. Kopo liwe akiba.

Na siku hela haipo kabisa, teremka Kibirizi ukanunue dagaa wakavu, uwatwange na mifupa yao kwenye uji au mboga. Kalisi imo, na hakuna anayeweza kuwatia maji bila wewe kujua.

Hatua ya mwisho ni ngumu kuliko zote. Lita hiyo ikishachemka, jaza kwanza vikombe vya watoto. Chai ya baba na ya shemeji aliyepita kusalimia tu isubiri itakachobakishiwa.