Barua Yenye Baraka

Ni nani mwenye insafu atakayemlaumu kijana wa Mpale ambaye, akiomba kazi ya Mtendaji wa Kijiji kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe, baada ya anwani mbili na "Yah: Maombi ya Kazi" huanza kwa "Assalamu alaykum", na kwa kuwa hajui dini ya msomaji, huongeza "Bwana Yesu asifiwe" na "Tumsifu Yesu Kristo", kama wafanyavyo waheshimiwa jukwaani? Wenye pupa husema kwamba mahali hapo ni pa tarehe ya tangazo, elimu na mwaka wa kuhitimu. Lakini hayo yote yamo katika cheti, na cheti kikisahauliwa kuambatishwa, dua haikusahauliwa.

Methali nayo ina fadhila zake. "Haba na haba hujaza kibaba" humjulisha mwajiri, mapema na bila gharama ya usaili, jinsi mwombaji atakavyokusanya ushuru wa mazao. Na "mkono mtupu haulambwi", ikiwekwa juu kidogo ya "Wako mtiifu", hubainisha utiifu huo una masharti gani. Khatibu wa Ijumaa angehusudu waadhi uliotimia hivi katika ukurasa mmoja.

Sahihi haimo, wala nambari ya simu; walakini mja aliyekwisha kujikabidhi kwa Mola kiasi hiki ana haja gani ya kupigiwa na karani wa masjala?